Sentensi ya kwanza ya kila aya: jinsi ya kuifanya ripoti rasmi ifuatane

Ripoti za kamati za mitaa hapa Mombasa huwa hazikosi habari. Mwandishi anajua mfereji ulikauka lini, mtungi wa maji umefika bei gani, nani alikwenda ofisini na akajibiwa nini. Kinachomshinda ni kuzipanga habari hizo zifuatane, na njia anayoijua ya kuziunganisha ni ile ya insha za shule: kila aya ianze kwa kiunganishi. Basi aya ya pili inafunguliwa kwa "aidha", ya tatu kwa "isitoshe", ya nne kwa "fauka ya hayo", na afisa anayeisoma anafika mwisho huku bado anajiuliza ameombwa nini hasa.

Nitashika upande mmoja tu wa kazi hii, nao ni sentensi ya kwanza ya kila aya pamoja na kile kinachoifunga na aya iliyotangulia. Sentensi hiyo ndiyo inayoitwa sentensi ya mada. Msimamo wangu ni kwamba kiunganishi huchaguliwa mwisho kabisa, sentensi za mada zikishapangwa. Kikichaguliwa mwanzo, hufunika pengo ambalo lilitakiwa lionekane.

Nitatumia ripoti moja ya mfano niliyoitunga mwenyewe; mtaa, bei na siku zake ni vya kubuni. Kamati ya wakazi wa mtaa mmoja upande wa Kisauni inaiandikia ofisi ya kaunti ndogo kuhusu uhaba wa maji. Hali yenyewe haihitaji kubuniwa. Maji ya mfereji ya Mombasa hutoka nje ya kaunti: Mzima kule Taita Taveta, Baricho kule Kilifi, Marere na Tiwi kule Kwale. Mfereji ukikauka, watu hurudi visimani, ambako mara nyingi maji ni ya chumvi, au hungoja mkokoteni wa mitungi.

Rasimu ya kwanza ya ripoti hiyo ina aya saba, na kila moja inafunguliwa hivi:

1. Kamati ilifanya uchunguzi kuhusu suala la maji katika mtaa.
2. Aidha, mtaani kuna visima vitatu.
3. Isitoshe, bei ya maji ya mkokoteni imepanda.
4. Hata hivyo, kamati ilitembelea ofisi ya maji.
5. Kwa hivyo, kuna mivujo miwili kwenye bomba.
6. Fauka ya hayo, shule ya msingi imeathirika.
7. Mwisho kabisa, kamati inapendekeza hatua zichukuliwe.

Kisarufi hakuna kosa. Lakini soma ya tatu na ya nne pamoja: bei imepanda, hata hivyo tulikwenda ofisini. Kuna ubishi gani hapo? Soma na ya tano: tulikwenda ofisini, kwa hivyo bomba linavuja. Ziara ya kamati haitoboi bomba. Viunganishi vimewekwa mahali ambapo mwandishi alihisi panahitaji neno, na neno lililokuwa karibu ndilo lililoingia.

Hatua ya kwanza: geuza kila mada iwe kauli

Kabla ya kugusa kiunganishi chochote, vifute vyote vilivyo mwanzoni mwa aya. Kisha itazame kila sentensi iliyobaki na ujiulize: je, mtu anaweza kuisoma akasema "si kweli"? Kama hawezi, hiyo bado ni jina la mada, haijawa kauli. "Kamati ilifanya uchunguzi kuhusu suala la maji" haiwezi kubishiwa na yeyote, kwa sababu haijasema lolote kuhusu maji. "Tangu mwezi wa Februari, maji ya mfereji yamekuwa yakifika mtaani siku mbili tu kwa wiki" inaweza kubishiwa, na kwa hiyo ina kazi ya kufanya: aya nzima sasa inajua kwamba lazima ithibitishe Februari, na ithibitishe siku mbili.

Sentensi ya visima nayo inahitaji dawa hiyo hiyo. Kwamba mtaani kuna visima vitatu, afisa wa kaunti ndogo pengine anajua. Anachotaka kujua ni kwa nini visima hivyo havitoshi. Kauli yenyewe ni kwamba visima vitatu vya mtaa haviwezi kuziba pengo la mfereji, kwa sababu maji yake ni ya chumvi.

Ukishaiandika kauli, rudi ndani ya aya uikague kila sentensi iliyo chini yake. Katika rasimu hii aya ya visima ilikuwa na sentensi mbili zinazoeleza kisima cha kwanza kilichimbwa kwa mchango wa nani. Habari nzuri, na wazee wa mtaa wangefurahi kuiona, lakini haisemi chochote kuhusu chumvi wala kuhusu pengo. Inatoka. Kama mwandishi anaipenda sana, mahali pake ni kwenye utangulizi, pale mtaa unapoelezwa.

Kuna kosa la upande wa pili, nalo hutokea mtu anapoandika kwa hasira: sentensi ya mada inabebeshwa mizigo mitatu. "Visima vina chumvi, wauzaji wamejaa tamaa na ofisi haijali." Aya haina nafasi ya kuthibitisha yote hayo, na ile kauli ya mwisho ni shutuma ambayo kamati haina ushahidi wake. Aya moja, kauli moja. Ukiona "na" mbili zinazounga kauli katika sentensi ya mada, kuna uwezekano mkubwa kuwa hizo ni aya mbili.

Utangulizi unasamehewa sheria hii. Aya inayotaja kamati ni ya nani, imepewa hadidu zipi za rejea na ilikusanya habari kwa njia gani hutaja tu mambo hayo, basi. Hakuna haja ya kuilazimisha ibishane na mtu.

Hatua ya pili: zipe sentensi hizo ukurasa wake, uzipange kwa maswali

Nakili kauli zako zote kwenye ukurasa mtupu, moja chini ya nyingine, bila aya zake. Sasa mfikirie msomaji wako ni mzee mmoja anayekusikiliza barazani, asiye na haraka lakini asiyekubali kuzungushwa. Kila ukimaliza kauli atauliza kitu. Swali lake ndilo linaloita kauli inayofuata.

Unamwambia: maji ya mfereji yanafika siku mbili tu kwa wiki. Hawezi kuuliza kuhusu visima. Atauliza, "Mbona?" Jibu la ofisi ni mgao, na kwa hivyo ziara ya ofisini, iliyokuwa ya nne, lazima ipande ije ya pili. Ukimwambia ofisi inasema ni mgao, atauliza, "Nanyi mwakubali?" Hapo ndipo rasimu ya kwanza ilipokuwa na shimo. Kamati ilikuwa na jibu, maana mtu mmoja kikaoni alitaja kwamba mtaa wa jirani, unaolishwa na bomba hilo hilo, hupata maji siku tano. Jibu hilo lilikuwa limezikwa katikati ya aya ya shule, ambako halikumsaidia mtu. Linastahili aya yake.

Endelea hivyo. "Basi ni nini?" Mivujo. "Na watu wanaishije?" Visima, na baada ya visima mikokoteni. "Nani ameumia zaidi?" Shule. "Sasa mwataka nini?" Mapendekezo. Aya saba zimekuwa nane, na mpangilio umekuwa huu:

1. Tangu mwezi wa Februari, maji ya mfereji yamekuwa yakifika mtaani siku mbili tu kwa wiki.
2. Ofisi ya maji ilieleza kwamba upungufu umeletwa na mgao.
3. Mgao peke yake hauelezi kwa nini mtaa wa jirani, unaolishwa na bomba hilo hilo, hupata maji siku tano.
4. Kamati ililifuata bomba na kukuta mivujo miwili kabla halijaingia mtaani.
5. Visima vitatu vya mtaa haviwezi kuziba pengo la mfereji, kwa sababu maji yake ni ya chumvi.
6. Maji ya kunywa na kupikia hununuliwa kwa wenye mikokoteni, na bei yake imepanda maradufu.
7. Shule ya msingi ya mtaa haina fungu la kununua maji.
8. Kamati inaomba mivujo miwili izibwe, kisha maji yanayofika mtaani yapimwe upya.

Angalia kwamba mpaka hapa hakuna kiunganishi hata kimoja mwanzoni mwa sentensi, na bado mtu akiisoma orodha hii anaelewa kisa chote. Hicho ndicho kipimo cha hatua hii. Kama orodha haieleweki bila viunganishi, kuviongeza hakutaiokoa. Rudi kwenye mpangilio.

Kipimo kingine ni kubadilishana nafasi. Chukua kauli mbili zinazofuatana uzigeuze. Ya 3 ukiiweka kabla ya 2, inakuwa haina maana, kwa kuwa inajibu dai ambalo halijatolewa. Uhusiano huo ni wa nguvu. Zikigeuzwa na hakuna kinachoharibika, basi ni za kuorodheshwa tu, na "aidha" au "vilevile" inaweza kupata kazi. Katika ripoti hii hakuna jozi ya aina hiyo hata moja. Rasimu ya kwanza ilikuwa imetumia viunganishi vitatu vya nyongeza.

Hatua ya tatu: funga kwa nomino kwanza

Kiswahili kina kamba ya kuunganishia aya ambayo waandishi wa ripoti huisahau kwa sababu ni ndogo: kionyeshi kile chenye "o" mwishoni, kinachorejelea kitu kilichokwisha tajwa. Upungufu huo. Bomba hilo. Mivujo hiyo. Bei hiyo. Ukichukua nomino nzito ya aya iliyopita ukaiweka mapema katika sentensi ya mada inayofuata pamoja na kionyeshi chake, aya mbili zimeshikana na hujatumia kiunganishi chochote.

Sentensi ya 2 ikisema "Ofisi ya maji ilieleza kwamba upungufu huo umeletwa na mgao", "huo" inamrudisha msomaji moja kwa moja kwenye zile siku mbili kwa wiki. Ya 4 ikisema "kamati ililifuata bomba hilo", limeshikwa bomba la aya ya 3. Ya 7 ikigeuzwa kidogo inakuwa: "Aliyeumia zaidi na bei hiyo ni shule ya msingi ya mtaa, ambayo haina fungu la kununua maji." Sasa shule haijaingia ghafla kutoka barabarani.

Kuna mitego miwili hapa. Wa kwanza ni "hii" iliyoachwa peke yake: "Hii inaonyesha kwamba…" Hii ipi? Mwanzoni mwa aya, nyuma yake kuna aya nzima yenye nomino kadhaa, na "hii" peke yake haimwambii msomaji ashike ipi. Ipe nomino yake: tofauti hii, bei hii, ahadi hii. Ukikosa nomino ya kuipa, pengine hukuwa umejua unarejelea nini. Mtego wa pili ni "hali hiyo", ambayo waandishi huitumia kama mfuko wa kutia kila kitu. Inafaa pale aya iliyotangulia imeeleza hali moja tu iliyo wazi. Aya hiyo ikiwa imeeleza mgao, ahadi ya afisa na malalamiko ya wakazi, "hali hiyo" haimpeleki msomaji popote.

Njia hii ina mpaka wake, nao unaonekana kati ya aya ya 4 na ya 5. Ya 4 inamalizia habari ya chanzo, ya 5 inaanza habari ya athari. Ni pale ripoti inapokata kona. Mwandishi akiandika "Visima vitatu haviwezi kuziba pengo hilo", msomaji anaangalia nyuma, anaona mivujo, na hakuna pengo lililotajwa. Hapa sentensi ya mada yenyewe inabidi ibebe daraja: "Mivujo hiyo ikiwa bado haijazibwa, wakazi wamerudi kwenye visima vitatu vya mtaa, ambavyo maji yake ni ya chumvi." Nusu ya kwanza inafunga chanzo, nusu ya pili inafungua athari. Kwenye kona ya ripoti andika sentensi ndefu kidogo kuliko kawaida yako. Ndipo msomaji anapopotea.

Hatua ya nne: sasa chagua viunganishi, vichache

Baada ya kufunga kwa nomino, viungo vinavyobaki wazi ni vile ambavyo uhusiano wake hauonekani wenyewe: upinzani, na matokeo yanayotokana na hoja. Katika ripoti yetu ni viwili. Aya ya 3 inapinga maelezo ya aya ya 2, na msomaji anastahili kuonywa kabla hajaanza kusoma: "Hata hivyo, mgao peke yake hauelezi…" Aya ya 6 ni matokeo ya aya ya 5: maji ya kisima hayanyweki, "kwa hivyo maji ya kunywa na kupikia hununuliwa". Viwili, katika aya nane. Ripoti ya kurasa tatu yenye viunganishi vitano mwanzoni mwa aya zake, vyote vya kweli, imeunganishwa vya kutosha.

Inafaa kuvijua vizuri hivyo vichache, kwa sababu baadhi vina tabia ambazo katika ripoti rasmi huleta maana mbili.

"Hata hivyo" hukubali kilichosemwa kisha huleta kinachokipunguza nguvu. Kwa hivyo aya inayotangulia lazima iwe imemaliza kusema jambo linaloweza kupunguzwa nguvu. Ukiiweka "hata hivyo" na huwezi kuonyesha kwa kidole ni kauli ipi inayopingwa, ifute. "Bali" nayo haiwezi kusimama bila ukanusho kabla yake: tatizo si mgao, bali mivujo. Kuiweka mwanzoni mwa aya ni kuitenga na ukanusho wake, kwa hivyo iache ndani ya sentensi.

"Licha ya" ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Wengi leo huitumia kwa maana ya kupinga: licha ya ahadi ya ofisi, mivujo haijazibwa. Lakini ina maana yake nyingine ya kuongeza, ya "si hilo tu", na watu wa pwani wanaijua vizuri. Andika "Licha ya mgao, bomba linavuja" na msomaji mmoja ataelewa kwamba bomba linavuja ingawa kuna mgao, mwingine kwamba juu ya mgao kuna na uvujaji. Ni ripoti mbili tofauti hizo. Kama unapinga, "ingawa" na sentensi kamili haina utata: ingawa ofisi iliahidi kuziba mivujo, bado haijazibwa. Kama unaongeza, sema "zaidi ya mgao".

"Mbali na" ina ugonjwa wa namna hiyo. "Mbali na shule, nyumba zote zina matangi." Shule ina tangi au haina? Kama haina, andika "isipokuwa shule". Kama inalo, andika "shule pamoja na nyumba zote".

"Aidha" itumie kwa kuongeza jambo la uzito ule ule. Kuna wanaoitumia kwa maana ya kuchagua, "aidha bomba libadilishwe au lizibwe", na katika mapendekezo hilo ni hatari kwa sababu afisa anaweza kulisoma kama nyongeza. Kwa kuchagua, "ama… au" inatosha. Na "fauka ya hayo" na "mintarafu ya", sina ugomvi nazo katika insha ya mashindano. Katika ripoti ya maji zinamfanya msomaji atazame nguo badala ya mtu.

Viunganishi vya sababu vinahitaji tahadhari ya aina nyingine, kwa kuwa kila kimoja ni ahadi ya ushahidi. "Ndiyo sababu" inadai kwamba umethibitisha. Kamati yetu iliona mivujo kwa macho. Haikupima ni maji kiasi gani yanapotea. Basi haiwezi kuandika "Mivujo hiyo ndiyo sababu ya upungufu." Inaweza kuandika "Inaelekea mivujo hiyo inachangia upungufu", kisha katika mapendekezo iombe vipimo. Mhandisi wa maji akikuta "ndiyo sababu" isiyo na kipimo, ataikataa aya hiyo na kuna hatari aitilie shaka hata ile ya siku mbili kwa wiki, ambayo ni kweli tupu. Vivyo hivyo, "baada ya" isigeuke kuwa "kutokana na". Bei ilipanda baada ya Februari. Kama ilipanda kwa sababu ya ukame wa mfereji, hilo lionyeshwe.

Hatua ya tano: ndani ya aya, iachie njeo ifanye kazi

Mwandishi aliyezoea viunganishi mwanzoni mwa aya huvimwaga na ndani yake pia. Hii hapa aya ya bei kama ilivyokuwa:

"Isitoshe, bei ya maji ya mkokoteni imepanda. Maji yanauzwa na wenye mikokoteni. Pia wanatoka mbali. Vilevile kioski kilikauka. Hii inafanya watu kuteseka. Kwa hivyo mtungi ni shilingi 40."

Kila sentensi imeanza upya kana kwamba haijui iliyotangulia, na "pia" na "vilevile" zimegeuza mlolongo wa matukio kuwa orodha. Kioski kilikauka kwanza, umbali ukaja baadaye, bei ikafuata. Kiswahili kina "-po-" na "-ka-" kwa kazi hiyo hasa:

"Kwa hivyo maji ya kunywa na kupikia hununuliwa kwa wenye mikokoteni, na bei yake imepanda maradufu. Kabla ya Februari mtungi wa lita 20 uliuzwa shilingi 20. Kioski cha mtaa kilipokauka, wenye mikokoteni wakaanza kuchota mtaa wa pili, safari ikarefuka na bei ikafika shilingi 40. Hiyo ndiyo bei kamati iliyoikuta kwa wauzaji wote iliowauliza."

Hakuna "pia", hakuna "vilevile", na hakuna mtu anayeweza kuzipanga upya sentensi hizo bila kuziharibu. "Watu wanateseka" imetoka. Bei maradufu inasema hivyo. Ila "-ka-" hii ya kusimulia ni ya mambo yaliyopita, na inahitaji tendo la wakati uliopita la kuegemea. Usiiingize katika aya ya mapendekezo wala katika maelezo ya mambo ya kila siku. Kumbuka pia kwamba inaonyesha mfuatano, na sababu inaidokeza tu. Katika ripoti hilo ni jambo jema, maana mara nyingi mfuatano ndio pekee ulio na uhakika nao.

Vichwa vya sehemu

Ripoti rasmi hukatwa kwa vichwa: Utangulizi, Matokeo, Mapendekezo. Kamba hazivuki kichwa. Afisa mwenye haraka hufungua ukurasa wa Mapendekezo kwanza, na akikuta "Kwa hivyo kamati inaomba izibwe" hajui ni nini kizibwe. Sentensi ya kwanza chini ya kila kichwa iandikwe kama kwamba msomaji ameingia kwa mlango huo. Ndiyo maana aya ya 8 haisemi "mivujo hiyo". Inasema: "Kamati inaomba mivujo miwili iliyoelezwa katika aya ya 4 izibwe, kisha maji yanayofika mtaani yapimwe upya." Zipe aya zako nambari ili uweze kurejelea hivyo. Kwa ripoti inayopita mikono mingi, nambari ina nguvu kuliko kiunganishi chochote.

Kabla ya kupeleka

Mpe mtu ambaye hakuwa kikaoni zile sentensi za mada peke yake, umsomee kwa sauti, kisha umwombe akusimulie kisa. Pale atakapositasita au kuuliza "ehe, kisha?", kiungo ni kibovu. Pale atakapokisimulia vibaya, kiungo kinadanganya, na hicho ndicho cha kutengeneza kwanza. Mtu wa nyumbani anafaa kuliko katibu mwenzako, ambaye atajaza mapengo kwa anayoyajua.

Halafu kuna mwenyekiti. Ripoti ikishachapwa, usiku wa kuamkia siku ya kuipeleka, mwenyekiti atataka iongezwe aya moja, tuseme kuhusu vijana waliojitolea kufukia shimo karibu na bomba, na atataka ikae baada ya aya ya 5. Ukiichomeka tu hapo, "Kwa hivyo maji ya kunywa na kupikia hununuliwa" itakuwa inafuata habari ya vijana, na ripoti itadai kwamba watu wananunua maji kwa sababu shimo lilifukiwa. Kila aya inapoingia au kutoka, soma upya sentensi mbili: ya aya mpya yenyewe, na ya ile inayoifuata. Hapa aya ya vijana inahusu bomba, kwa hivyo isogeze iwe baada ya 4. Ile inayoifuata inaanza kwa "Mivujo hiyo", na sasa kati yake na mivujo kuna shimo na vijana. Ibadilishe iwe "Mivujo yenyewe ikiwa bado haijazibwa". Kisha rekebisha nambari za aya kuanzia hapo hadi mwisho, na uangalie kama Mapendekezo bado yanataja aya ya 4 au sasa yanapaswa kutaja nyingine.